Barua ya wazi kwa Mkaguzi Mkuu: acheni faili la sahihi, mwulizeni kibarua mtu wake ni nani

Kwa Mkaguzi Mkuu wa Usalama na Afya Kazini,

Mheshimiwa,

Mimi ni msimamizi wa zamu katika banda la kufungashia mazao. Kila msimu ukifunguka napokea vibarua ambao wengi wao hawajawahi kusimama mbele ya mashine, na kabla jua halijapanda wanatakiwa wawe kwenye mkanda unaopitisha mazao, wanachambua na kupanga. Ombi langu linahusu fomu wanayokuja nayo wakaguzi wako. Fomu inauliza kama wafanyakazi wa muda wamepewa maelekezo ya usalama. Tunaleta faili la sahihi, mkaguzi anatia alama ya vema, anaaga. Naomba swali hilo liondolewe. Badala yake mkaguzi aende kwenye mkanda, amtafute kibarua mgeni kuliko wote, amwulize mambo matatu: mtu wako wa kumwuliza ni nani? Nionyeshe mashine hii inasimamishwaje. Ni kitu gani hapa huruhusiwi kukigusa?

Nina sababu ya kuomba hivyo. Misimu kadhaa iliyopita, katika banda jingine, nilipokea watu 34 kwa asubuhi moja. Nikawapanga uani, jenereta inanguruma nyuma yangu, nikawasomea karatasi nne kwa dakika 12, kanuni ya kwanza mpaka ya 27. Nikauliza, "Tumeelewana?" Wakaitikia kwa sauti moja, "Ndiyo!" Wakatia sahihi, wasioandika wakaweka dole gumba.

Kesho yake saa nne asubuhi kipande cha boksi kilikwama mwishoni mwa mkanda, pale unapozunguka roli kurudi chini. Kijana mmoja akainama, akapenyeza mkono akichomoe. Pale mkanda unapokutana na roli pana mdomo, na mdomo ule hauachii kitu. Ukishika ncha ya glavu unaivuta ndani na kidole kilichomo. Mkanda wetu ulikwenda nusu mita kwa sekunde. Kwa muda ambao mtu anahisi mvuto, anashtuka na kutaka kurudisha mkono, mkanda umekwisha kwenda kiasi cha kiganja kizima na vidole vyake.

Jirani yake alikuwa dada aliyeanza kazi siku moja naye. Kamba nyekundu ya dharura ilipita usawa wa kiuno chake, ni kunyoosha mkono tu. Hakuivuta. Alikimbia kunitafuta mimi, mita zipatazo 40 kando ya kamba hiyo hiyo, na mashine ikazimwa na fundi aliyesikia kelele. Kijana alipoteza vidole viwili. Siku chache baadaye nilimwuliza dada yule kwa upole kwa nini hakuvuta kamba. Akasema, "Nilijua ni ya mafundi. Tena niliogopa kuwasimamishia watu kazi."

Kamba ilikuwa kanuni ya 19. Nilikuwa nimeisoma, na sahihi yake ilikuwa kwenye faili. Mkaguzi aliyekuja kuchunguza aliiona sahihi hiyo, akaandika kwamba maelekezo yalitolewa. Jambo hilo halijanitoka moyoni hadi leo, kwa kuwa sahihi ile ilinisafisha mimi na kumwachia lawama mtu ambaye hakufundishwa chochote.

Tangu hapo nimebadili namna ya kuwapokea wageni, na nataka ujue jinsi tunavyofanya ili uone kwamba ninachoomba kinawezekana hata asubuhi yenye haraka. Tunatumia dakika 25. Uani sisomi tena. Nawagawa watu wanane wanane, kila kundi linakwenda na mtu wake hadi mahali litakapofanya kazi, maana kanuni ya mkanda inaeleweka mkandani. Zile kanuni 27 zimebaki nne. Usiingize mkono wala kitambaa chini ya kinga ya mashine. Kitu kikikwama usikitoe, vuta kamba uite. Usivuke njia iliyopakwa rangi ya foklifti kabla dereva hajakutazama machoni. Ukiumia au ukiona hatari, acha kazi useme papo hapo. Mengine, kama mahali pa kuweka mabegi na saa za mapumziko, yapo kwenye karatasi ukutani na yanaweza kusubiri hadi mchana.

Sehemu inayochukua muda mrefu ni ya kamba. Mkanda unawashwa, na kila mmoja wa wale wanane anaivuta kwa mkono wake mwenyewe mpaka mkanda usimame. Mtu mmoja anachukua kama sekunde 40, pamoja na kurudisha swichi na kuwasha upya, kwa hiyo kundi zima linamaliza kwa dakika tano na ushee. Mara ya kwanza wengi wanaivuta kwa vidole viwili, kwa woga, kama mtu anayegusa mali ya mwingine. Nawaambia wavute kwa nguvu. Mashine inanyamaza, wanatazamana, na hapo woga wa kusimamisha kazi ya watu unaisha. Hakuna maneno ninayoyajua yanayofanya kazi hiyo.

Palepale wanafundishwa jambo moja ambalo hata wazoefu hulikosea: mashine iliyosimamishwa kwa kamba haijakatwa umeme. Katika mashine iliyotengenezwa sawasawa, kurudisha swichi ya dharura hakuiwashi peke yake, lazima mtu abonyeze kitufe cha kuanzia. Lakini mtu huyo anaweza kuwa upande wa pili na asikuone. Ndiyo maana kutoa kilichokwama si kazi ya mgeni kamwe. Anakuja fundi, anazima swichi kuu, anaifunga kwa kufuli lake na ufunguo anautia mfukoni, kisha ndipo anaingiza mkono. Dakika 25 hazimfundishi mtu kufanya hivyo, kama zisivyomfundisha kuendesha foklifti, kuchanganya dawa au kuosha mashine. Zinatosha tu kumwonyesha mpaka wake, na kibarua wa siku ya kwanza akiujua mpaka wake amejua sehemu kubwa ya anachohitaji.

Swali la "umeelewa?" nimelipiga marufuku bandani, kwa kuwa jibu lake ni ndiyo siku zote. Tunasema "nionyeshe" na "niambie wewe". Anayeshindwa hatukemei, tunarudia. Asiyefahamu vizuri lugha anayotumia kiongozi anaweza kuonyesha kwa mkono, na hapo ndipo utajua kama ujumbe umefika.

Sasa nije kwenye jina, jambo ambalo fomu yako hailigusi kabisa. Mabango mengi yameandikwa "Ukiwa na swali mwone msimamizi". Msimamizi yupi? Katika banda lenye zamu mbili, madalali wawili wa vibarua na mafundi wanaopita, mgeni hajui nani ni nani, naye hataki kuonekana mjinga, basi anamwuliza aliye karibu, ambaye ni mgeni mwenziwe wa jana. Kwetu kila mtu mpya anapewa jina na uso. Anaonyeshwa mtu mwenyewe, wanapeana mikono, na jina linaandikwa nyuma ya kitambulisho chake pamoja na jina la pili, la yule anayeshika nafasi wa kwanza akienda kula. Bila jina la pili mgeni hana wa kumwuliza wakati wa mapumziko, nao ndio wakati watu wanapojaribu kujitatulia mambo.

Nimejifunza kwa makosa nani anafaa. Nilianza na nyapara wanaohesabu kreti, nikaona hawaulizwi kitu, maana nani atamwuliza mtu ambaye dakika ile ile anamhimiza aongeze kasi? Sasa nawachukua wazoefu wa mkandani wenye subira. Wanavaa fulana ya rangi yao peke yao, na siku mbili za kwanza hawawekewi lengo la kreti. Hapa ndipo mwenye banda hunung'unika, kwa sababu ndiyo gharama halisi ya mpango huu. Lakini ukimpa mtu wageni wanane na lengo lile lile la kreti, hesabu kwamba wageni hao hawana mtu. Anatakiwa awapitie wote baada ya saa mbili za kwanza, awapitie tena wakirudi kula, na kesho yake asubuhi awaambie wamwonyeshe kamba upya.

Na hata hivyo watu wanapenya. Yupo anayeletwa na dalali saa nne asubuhi kuziba pengo, huyo anasukumwa moja kwa moja mkandani. Yupo aliyehamishwa mchana kutoka meza ya kuchambulia kwenda kwenye mashine ya kufunga maboksi, naye pale ni mgeni hata kama ana wiki tatu bandani. Yupo wa msimu uliopita anayesema "mimi najua", na kumbe mkanda ulihamishwa na kamba sasa iko upande wa kushoto. Wakaguzi wako wakitaka kupima banda, wawatafute watatu hawa. Kwa yule wa dalali wataambiwa na dalali kwamba maelekezo hutolewa na banda, na banda litasema hutolewa na dalali. Naomba utamke wazi kwamba mwenye mashine ndiye anayefundisha mashine yake, na dalali asimwache mtu wake mpaka ajue jina la atakayempokea.

Taasisi ya Kazi na Afya ya Toronto, Kanada, imechambua kumbukumbu za majeruhi wa kazini na kuonyesha kwamba mtu aliye katika mwezi wake wa kwanza ana hatari zaidi ya mara tatu ya kuumia kiasi cha kukosa kazi, akilinganishwa na aliyekaa zaidi ya mwaka. Msimu wetu ni wiki sita. Kwa hiyo kibarua anamaliza sehemu kubwa ya ajira yake ndani ya mwezi huo wa kwanza, na ukaguzi unaofanywa mwishoni mwa msimu unawakuta waliokwisha kuzoea na walionusurika.

Kuna jambo la mwisho ambalo ni wewe tu unaweza kulisema kwa sauti itakayosikika. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, katika kifungu cha 13, unamlinda mfanyakazi anayejitoa kwenye kazi akiwa na sababu ya kuamini kwamba maisha au afya yake iko hatarini papo hapo. Kibarua anayelipwa kwa siku haamini kwamba ulinzi huo unamhusu, kwa sababu kumwondoa si lazima umfukuze, inatosha kutomwita kesho. Wakaguzi wako waulize pia: nani alivuta kamba wiki hii, na je, leo yupo kazini? Bandani kwangu tunaandika kila kamba inapovutwa, hata ikiwa ni kwa bahati mbaya, na daftari liko wazi kwa mkaguzi yeyote. Wiki ya kwanza ya msimu uliopita ilivutwa mara 11. Mara tisa hapakuwa na hatari yoyote, na wote waliovuta waliitwa tena kesho yake.

Msimu ujao unafunguka hivi karibuni. Nakukaribisha siku ya kwanza, saa moja asubuhi, uje na fomu ya zamani na maswali haya matatu, uvijaribu vyote viwili kwa watu wale wale.

Wako katika kazi,

Msimamizi wa zamu, banda la kufungashia