Kwa wazazi wa watoto wenye mtindio wa ubongo: miguu inayokaza si miguu yenye nguvu

Salamu kwenu baba na mama, nanyi mabibi mlioachiwa wajukuu. Nawaandikia juu ya miguu tu. Najua kuna kula, kuongea, degedege na shule, na kila moja lina barua yake. Lakini miguu ndiyo inayoharibika kimyakimya huku ukoo mzima ukisema "mwacheni, akikua ataacha".

Mtindio wa ubongo ni jeraha la ubongo uliokuwa bado unajengwa, katika sehemu inayoendesha mwili. Jeraha lenyewe haliongezeki mwaka hadi mwaka, wala mtoto hamwambukizi mwenzake. Misuli na mifupa yake ilikuwa mizima siku alipozaliwa. Kilichovurugika ni amri zinazotoka kichwani: misuli inaambiwa ikaze, na amri ya kuilegeza haifiki inavyotakiwa.

Zile sababu za mitaani, za jini na za jirani mwenye kijicho, naziacha huko huko mitaani. Mama hakumletea mtoto hali hii kwa chakula alichokula wala kwa kupita njia panda jioni. Yanayojulikana ni haya: mtoto kuzaliwa kabla ya wakati, uchungu kuwa mzito hadi mtoto akakosa hewa, umanjano mkali siku za mwanzo, na baadaye malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo. Watoto wengine ubongo wao ulipata hitilafu tumboni, na hata kipimo kizuri hakitakwambia ilikuwa siku gani. Kuchelewa kulia peke yake hakuthibitishi kitu, maana mtoto mwingine huchelewa kulia kwa sababu tayari alikuwa na shida kabla uchungu haujaanza.

Juu ya umanjano nisimame kidogo, kwa sababu huu unazuilika na bado unatuponyoka. Mtoto akiwa wa manjano ndani ya saa 24 za kwanza, au viganja na nyayo zake zikageuka manjano siku yoyote ile, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Kwenye ngozi nyeusi usitazame mashavu. Tazama weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo, mchana, karibu na dirisha. Kumwanika juani asubuhi si tiba ya umanjano wa namna hiyo. Tiba ni taa maalumu za buluu za hospitali, na ukizidi sana, kubadilishiwa damu. Ukiachwa, sumu ya umanjano inaingia katikati kabisa ya ubongo, na mtoto anayetokea hapo hakazi tu: mwili unajipinda wenyewe, mikono inacheza bila kutaka, na mara nyingi masikio nayo yamedhurika ingawa akili inaweza kuwa kali.

Sasa tumchukue mtoto mmoja tumfuate, wa aina tunayoiona sana: njiti aliyezaliwa wiki ya 30 ya mimba. Ndani ya ubongo kuna vyumba vya maji, na kando kando ya vyumba hivyo katika umri ule mishipa ya damu ni dhaifu sana. Nyuzi zinazopeleka amri miguuni ndizo zinazopita karibu zaidi na vyumba hivyo. Zile za mikono ziko mbali kidogo. Kwa hiyo sehemu hiyo ikiumia, miguu ndiyo inayolipa kwanza. Mtoto huyu atashika kijiko, atacheka, atawaita watu majina, na miguu itakuwa mbao.

Miezi ya mwanzo wengi hawaoni kitu. Umri wake mhesabie kuanzia tarehe aliyopaswa kuzaliwa, yaani yeye mpunguzie wiki 10, ili msimdai kabla ya wakati. Kwa hesabu hiyo, akifika miezi 9 hajakaa mwenyewe, aonwe. Akisimamishwa hakanyagi kwa unyayo wote, anagusa kwa ncha za vidole, aonwe. Mtoto yeyote anayetumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka, mwingine ameukunja ngumi, naye aonwe. Huyo si wa mkono wa kushoto, ni upande mmoja wa mwili ambao haupati amri sawasawa.

Mtoto wetu huyu njiti, ukimshika kwapani ukamnyanyua, miguu inanyooka, inapishana kama mkasi, na vidole vinaelekea chini. Hapo ndipo nyumba nzima inapofurahi: "Tazama, anasimama! Ana miguu yenye nguvu huyu." Ni kukaza huko. Kila anaposimamishwa hivyo anafanya mazoezi ya kukaza, na kile kigari cha magurudumu cha kujifunzia kutembea kinamfanyisha mazoezi hayo kutwa nzima: ananing'inia kwenye kitambaa, anasukuma kwa vidole, visigino haviioni ardhi. Kama mmeshakinunua, kitoeni ndani.

Kwa nini kukaza kunaleta hasara wakati jeraha haliongezeki? Kwa sababu mtoto anakua. Mfupa unarefuka wenyewe, lakini msuli hurefuka vizuri pale unapovutwa na kutumiwa, na msuli uliokaza kutwa kucha haupati nafasi hiyo. Mfupa unauacha nyuma. Akiwa na mwaka mmoja kisigino chake kinafika chini ukikisukuma polepole. Akiwa na miaka 6, kama hakuna kilichofanyika, kinaweza kisifike hata mtoto akiwa usingizini. Huko hakuna zoezi la kukirudisha, kunabaki plasta ngumu za kunyoosha mguu au kisu cha daktari.

Kukaza huku kuna tabia moja ambayo lazima muielewe kwa mikono yenu. Ukivuta kiungo haraka, kinazidi kukaza. Ukikivuta polepole, kinakubali. Jaribuni hivi: mlaze chali, goti limenyooka. Kamata kisigino ndani ya kiganja, unyayo wake ulale kwenye mkono wako kuelekea kiwiko. Vuta kisigino kuja kwako huku mkono ukiusukuma unyayo uelekee kwenye ugoko. Sukuma mpaka uhisi msuli umekataa, kisha usiongeze nguvu, tulia hapo. Baada ya muda mfupi utahisi umeachia kidogo. Sogea nao, ushikilie kama nusu dakika. Ukisukuma kwa ncha ya vidole vya mguu badala ya kisigino, unapinda katikati ya unyayo na msuli wa nyuma haujaguswa, na hili ndilo kosa ninaloliona zaidi. Wale wanaokanda kwa nguvu hadi mtoto apige mayowe wanamzidishia kukaza, na mtoto asiyesimama mifupa yake ni dhaifu. Paja linaweza kuvunjika.

Hata hivyo nisiwadanganye: kunyoosha dakika 5 jioni hakutoshi kushindana na saa 23 za kukaa vibaya. Kinachosaidia kweli ni namna mnavyombeba, mnavyomkalisha na mnavyomsimamisha siku nzima.

Kumbeba tunayo dawa nyumbani, ni kanga. Mtoto aliyefungwa mgongoni nyonga zimekunjwa na mapaja yametanuliwa kumzunguka mama, ndio mkao unaovunja mkasi. Akiwa mzito, mbebe kiunoni miguu ikiwa huku na huku. Ila kabla ya kumnyanyua kutoka kitandani msivute mikono. Mgeuzeni ubavu, mkunje magoti kuelekea tumboni, ndipo mmnyanyue. Akiwa amekunjwa hivyo mwili hautajitupa nyuma.

Kukaa, wengi wao hukaa katikati ya miguu, magoti mbele na nyayo nje pembeni. Wanaupenda mkao huo kwa sababu hauangushi, lakini unazigeuza nyonga kwa ndani, kwa hiyo usiwe ndio mkao wa siku nzima. Wala msimlazimishe kunyoosha miguu mkekani, maana misuli ya nyuma ya paja ni mifupi, inavuta kiuno, naye anapinda mgongo. Mpeni kigoda. Pimeni kutoka nyuma ya goti hadi chini ya kisigino, hicho ndicho kimo cha kigoda: nyonga, goti na kifundo vyote vikunjwe pembe mraba, nyayo zote chini. Fundi seremala wa mtaani anakitengeneza mchana mmoja.

Kusimama kuna fremu ya mbao yenye mikanda kifuani, makalioni na magotini. Kuanzia karibu na mwaka mmoja, kama hasimami mwenyewe, mwekeni humo visigino vikiwa chini na miguu imetanuliwa, mkianza na dakika 10 hadi mfikie saa moja kwa siku, hata ikigawanywa mara mbili akiwa anacheza mezani. Vipimo vyake achukue mtaalamu wa fiziotherapia. Vile viatu vya plastiki vya kushikilia kifundo hutengenezwa kwa kipimo cha mguu wake; mafundi wake hufunzwa chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC Moshi, na hospitali ya CCBRT Dar es Salaam nao wanahudumia watoto hawa. Mkivua mkakuta alama nyekundu ambayo haijaondoka baada ya dakika 20, kinabana, kirudisheni. Akikua, kinabadilishwa.

Mtaniuliza, atatembea? Anayekaa mwenyewe kabla ya miaka 2, wengi wao hutembea, hata kama ni kwa magongo. Asiyekaa hadi miaka 4, ni nadra. Sehemu kubwa ya uwezo wa mwendo hupatikana kabla ya miaka 5, na kwa walioathirika zaidi mapema kuliko hapo, kwa hiyo mwaka unaopotezwa kuzunguka kwa waganga haurudi.

La mwisho ni nyonga. Misuli inayofunga mapaja ikikaza miaka, inauvuta mpira wa mfupa wa paja nje ya kikombe chake, polepole, na mwanzoni hauumi. Mtoto ambaye hatembei apigwe picha ya eksirei ya nyonga kati ya mwaka mmoja na miwili, na irudiwe kila miezi 6 hadi 12. Mkienda kliniki iombeni kwa jina, msisubiri kuambiwa. Na nyumbani, mkimbadilisha nepi angalieni: je, paja moja limeanza kukataa kufunguka? Mlazeni chali, mkunje magoti yote mawili nyayo zikiwa kitandani. Je, goti moja liko chini kuliko jingine? Analia mkigusa paja? Lolote kati ya hayo likionekana, msingoje tarehe ya kliniki.

Ni mimi mzee wenu wa mazoezi ya viungo.