Barua kwa mama mdogo: lile daftari la nyanya

Shikamoo mama mdogo.

Naandika hadharani kwa sababu pale sokoni Ilala wapo wengi wanaojaza fomu ya mkopo kama ulivyojaza wewe jioni ile. Penye "maelezo ya mwombaji" uliandika: "Mimi ni mama wa watoto 3, nauza nyanya, naomba mnisaidie." Iliniuma. Ninayemjua mimi anashusha matenga 12 kila wiki kutoka Ilula.

Nikakuomba madaftari. Ukasema yana madeni tu, ukayatoa chini ya kitanda shingo upande. La kwanza ni la 2011: tenga 1 la mali kauli, umelipa siku ya tatu. Kurasa zinazofuata ni hivyo hivyo, matenga 2, kisha 4.

Tukafika 2016. Lori lilikwama Kitonga, matenga 9 yakafika yanavuja maji, na mwenye mzigo alikuwa anakudai. Ukaufunika ukurasa kwa kiganja: "Hii tusiiandike." Lakini chini yake kulikuwa na malipo 7, kila moja na tarehe na sahihi ya dalali, la mwisho limeandikwa "amemaliza". Ukazifuata zile tarehe kwa kidole, polepole. "Kumbe nilimaliza kabla ya Idi," ukasema. Ulikuwa umekumbuka hasara miaka yote hiyo, malipo umeyasahau.

Nikasema tuanze na hapo. Kuuza mzigo ukiwa mzuri kila mtu anaweza. Mkopeshaji anataka kujua mzigo ukioza unalipaje.

Hesabu ndiyo ilitubishanisha. Ulitaka milioni 3. Ukitoa usafiri, ushuru na zinazooza, kila tenga linakuachia kama 6,000, yaani 72,000 kwa wiki, na nyumbani zinakwenda 40,000. Milioni 3 pamoja na riba yao, kwa wiki 52, ingetaka karibu 69,000 kila wiki. Watoto wangekula nini? Milioni 1 ilitaka kama 23,000, na wiki ya mvua ungebaki na pa kupumulia. Ukanuna, kisha ukaandika milioni 1 kwa mkono wako.

Wasifu wenyewe ukawa sentensi 6: ulianza lini na kwa nini, mzigo wa sasa, ile ajali na malipo 7, faida ya wiki, fedha itanunua nini. "Mnisaidie" tuliifuta.

Afisa mikopo alisoma, akaomba daftari, akafungua ukurasa wa Kitonga, akapiga simu kwa dalali mbele yako. Wiki iliyofuata fedha ikaingia.

Jumapili nakuja na gundi, mama mdogo. Daftari la 2016 limeanza kuachia kurasa. Lete na jipya, tuandike rejesho la kwanza.