Kampuni imesajiliwa, lakini leseni wanayotuonyesha ni ya nani?

Mshauri wetu, salamu kutoka Likoni.

Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama hapa kwetu. Tuna shilingi laki sita benki, na mkutano ujao tutapiga kura kama tuzitoe zote tuzipeleke kwa kampuni moja ya biashara ya fedha za kigeni, ile forex ya mtandaoni. Wanatuahidi asilimia 12 kila mwezi, yaani 72,000, na mtaji turudishiwe mwaka ukiisha. Aliyetuletea habari ni mkwe wa mwenyekiti wetu, ambaye ni ajenti wao. Wanachama wawili walishaweka 50,000 kila mmoja na kila mwezi wanapokea 6,000 bila kukosa. Kwa hivyo unaweza kukisia mimi naonekanaje ninaposema tungojee kidogo.

Ajenti alikuja na faili nzuri. Ndani mna cheti cha usajili wa kampuni chenye nambari inayoanza na PVT, PIN ya KRA, kibali cha biashara cha kaunti, na karatasi yenye nembo ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji (CMA) na nambari ya leseni. Akina mama walipitishiana zile karatasi mkono kwa mkono, na nusu ya mjadala ikaisha papo hapo.

Nilianza na cheti. Niliingia eCitizen, upande wa Huduma ya Usajili wa Biashara (BRS), nikaomba upekuzi rasmi wa ile kampuni. Ipo kweli, haikughushiwa. Ina miezi saba tangu isajiliwe, wakurugenzi wawili, na mtaji wa hisa shilingi laki moja. Lakini hilo linaniambia tu kwamba kuna kampuni yenye jina hilo na wenyewe ni fulani na fulani. Hata muuza mitumba husajili kampuni kwa njia hiyo hiyo. BRS haimuulizi mtu kama anajua kutunza pesa za watu, PIN ni ya kodi, na kibali cha kaunti ni cha kufungulia ofisi. Karatasi tatu katika zile nne hazihusu uwekezaji hata chembe.

Ikabaki ya CMA. Hapo ndipo nilipokaa zaidi. Sikufungua kiungo alichonitumia ajenti. Niliandika mwenyewe cma.or.ke nikaitafuta orodha ya waliopewa leseni. Jina nililoliona pale linafanana na la hawa kwa maneno mawili ya mwanzo. Neno la tatu ni tofauti. Tovuti iliyoandikwa kwenye orodha siyo iliyo kwenye kipeperushi, na ofisi yao iko Nairobi, si hapa Mombasa. Nikaipigia ile kampuni ya Nairobi kwa nambari niliyoitoa kwenye orodha. Msichana aliyepokea akaniambia hawana tawi Mombasa, hawakusanyi pesa za vyama na hawaahidi mtu faida ya kila mwezi. Akaniomba nimtumie picha ya kipeperushi.

Nilidhani mambo yameisha. Nilipomweleza ajenti, hakushtuka hata kidogo. Alisema wao ni mawakala wa kuleta wateja kwa ile kampuni ya Nairobi, kwa hivyo leseni ya wakubwa inawafunika. Kuna akina mama walioridhika na jibu hilo.

Mimi nikarudi kwenye orodha kutazama aina ya leseni. Chini ya kanuni za mwaka 2017 za biashara ya fedha za kigeni mtandaoni, CMA hutoa leseni za namna tatu: broka anayefanya biashara na mteja yeye mwenyewe, broka asiyefanya hivyo bali humuunganisha mteja na soko, na meneja wa fedha anayemwendeshea mteja akaunti yake. Kampuni ya Nairobi ni ya namna ya pili. Kwa ninavyoelewa, mteja wa broka kama huyo hufungua akaunti kwa jina lake, hutoa kitambulisho, huweka pesa kwenye akaunti ya broka, kisha hununua na kuuza mwenyewe, na hasara ni yake. Sisi tunaambiwa hakuna akaunti ya kufungua. Tuziweke zile laki sita kwenye akaunti ya benki ya hii kampuni ya miezi saba, na wao "watatutreidia". Hata kama ni mawakala kweli, naona kazi wanayotaka kutufanyia haimo katika leseni wanayoiegemea.

Tena kuna mkataba. Nilipousoma niliona umeandikwa juu "Mkataba wa Mkopo". Chama kinaikopesha kampuni laki sita, nayo inatulipa riba ya asilimia 12 kwa mwezi. Neno forex halimo popote, wala jina la ile kampuni ya Nairobi. Nilipouliza, ajenti alisema mwanasheria wao aliuandika hivyo ili "kurahisisha". Kumrahisishia nani, sijui. Naona siku ikiharibika watasema sisi tulikuwa wakopeshaji tu, na mambo ya CMA hayatuhusu.

Hesabu yenyewe pia hainiingii. Wanajisifu kwamba hutumia dau la 400 kwa 1, yaani ukiwa na 10,000 unashika biashara ya milioni nne. Ikiwa ni hivyo, bei ikienda kinyume chako kwa robo tu ya asilimia moja, 10,000 yako yote imekwenda. Mtu anayeogelea katika maji hayo anatoa wapi asilimia 12 isiyopanda wala kushuka, mwezi baada ya mwezi? Wale wenzetu wawili nawaamini kwamba wanalipwa. Lakini 6,000 kutoka 50,000 yako mwenyewe inaweza kulipwa miezi minane kabla mtaji haujaisha, bila mtu kununua dola hata moja, na wateja wapya wakija inaendelea.

Sasa naomba unisaidie katika haya. Kwanza, je, wakala wa kuleta wateja anaweza kupokea pesa za mteja katika akaunti yake kwa kivuli cha leseni ya broka, au hiyo peke yake inatosha kuonyesha kuna jambo? Pili, kuuita uwekezaji "mkopo" kunaiondoa kampuni mikononi mwa CMA, au mamlaka hutazama kinachofanyika na si kichwa cha mkataba? Tatu, nikiiandikia CMA, niambatishe nini ili barua yangu ishughulikiwe? Nina kipeperushi, mkataba usio na sahihi, matokeo ya upekuzi wa BRS na picha ya ile karatasi ya leseni.

La mwisho si la sheria. Mwenyekiti ni mtu mzima ninayemheshimu, na ajenti ni mume wa bintiye. Nikisimama mkutanoni na karatasi hizi itaonekana namwita mkwewe mwizi, ilhali huenda kijana mwenyewe amedanganywa na analipwa kamisheni tu. Nimwendee mwenyekiti nyumbani kabla ya mkutano, au nimwombe ajenti mbele ya wote atuletee barua ya kampuni ya Nairobi inayomtambua, kura ingojee mpaka barua hiyo ije?

Ni mimi,
Mweka Hazina, Likoni