Barua kwa Mwanaidi kuhusu miguu

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanaidi,

Barua yako nimeipata, na nimeisoma mara mbili. Unasema ule moto uliokuwa unakuchoma nyayoni usiku umekwisha wenyewe, nawe umefurahi. Halafu, chini kabisa, kama jambo dogo tu, unataja kwamba nesi alikugusa nyayo kwa kile kiuzi cha plastiki ukiwa umefumba macho, na sehemu tatu hukuhisi kitu. Mwenzangu, mimi hapo sikufurahi. Kwetu sisi wenye kisukari, moto ukizima na uzi usihisike, mara nyingi ni kwamba mishipa ya fahamu imechoka hata kuuma. Mguu wako sasa hautakupigia kelele ukijikata. Itabidi macho na mikono yako ifanye kazi hiyo.

Nikupe kisa changu, maana sikuwahi kukuandikia. Mwaka juzi nilikwenda sokoni na viatu vyangu vya kufunika, nikazunguka tangu asubuhi hadi alasiri. Jioni nikivua soksi, ile ya kulia ina doa la damu chini ya kidole gumba. Kiatuni nikakuta kokwe ya ubuyu! Nimeikanyaga siku nzima, sikuhisi hata mtekenyo. Lengelenge lilikuwa limeshapasuka. Bahati yangu soksi zilikuwa nyeupe. Zingekuwa nyeusi ningelala nalo.

Nilikiosha kidonda kwa maji safi na sabuni, nikakifunika kwa shashi, asubuhi nikawa zahanati. Shangazi aliniambia nipake majivu, nikakataa kwa adabu. Kilichonishangaza ni kwamba daktari hakusisitiza dawa kama alivyosisitiza kutokukanyaga. Alisema kidonda cha chini ya wayo hakifungi ukiendelea kukitembelea, kwa sababu kila hatua inakiponda upya, na wewe, kwa kuwa huumwi, huchechemei. Kilichukua wiki sita. Sitaki kukudanganya, zilikuwa wiki ndefu, na wajukuu ndio walioniletea hata maji ya kunywa.

Sasa, hivi ndivyo ninavyofanya. Kila usiku baada ya isha nakaa penye taa. Naangalia juu ya mguu, kisha napanua kidole kimoja kimoja. Sisi wa udhu mara tano, maji hubaki humo katikati, ngozi inalainika, inakuwa nyeupe, inachanika, na fangasi hapo ndipo wanapopata mlango. Kwa hiyo kila nikitawadha nafuta kwa kitambaa kikavu. Mafuta ya mgando napaka kisigino na juu ya mguu, si katikati ya vidole. Chini ya wayo naweka kioo sakafuni na kuutazama humo. Kisigino chako kile kilichopasuka kitazame sana. Ufa ukiwa na damu ni kidonda tayari.

Halafu nagusa kwa mgongo wa mkono, mguu huu na huu. Ngozi zetu nyeusi hazionyeshi wekundu vizuri, lakini joto halifichiki. Mguu mmoja ukiwa wa moto kuliko mwenzake, au umevimba, hata kama hauumi kabisa, usiukanyage na nenda hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kwa usaha, harufu, au kidole kilichogeuka cheusi. Usingoje zamu yako ya kliniki ya mwezi ujao.

Sugu nayo usiichezee. Najua una wembe wako wa kukwangulia, nakujua. Utupe. Sugu ni alama kwamba hapo panabanwa, na ukiona doa jeusi ndani yake, mara nyingi chini kuna kidonda kimejificha. Waachie wa kliniki waipunguze. Kucha zikate moja kwa moja, usichimbe pembeni.

Na maji ya moto ya kukandia miguu uliyoniandikia, acha. Ukioga, pima maji kwa kiwiko, si kwa mguu. Usiku funika miguu vizuri na hakikisha chandarua kimechomekwa chini ya godoro, kwani panya humtafuna mtu mwenye ganzi akiwa usingizini, wala hashtuki. Unacheka, lakini hapa pwani limewapata watu.

Kandambili nazo hazikukingi na msumari wala mchanga wa moto. Nataka nikununulie viatu hapa. Simama juu ya karatasi, jioni, maana jioni mguu umejaa kidogo, mwanao auchore pembezoni kwa kalamu, miguu yote miwili. Nitaikata michoro hiyo na kuiweka ndani ya kiatu dukani; ikijikunja, kiatu ni chembamba, nakiacha. Mpe dereva wa basi la Ijumaa karatasi hiyo, nami nitamrudishia kioo chenye mpini.

Wako,
Mama Rehema