Wiki ya tano sasa, hajanijibu

Shikamoo Shangazi,

Ninakuandikia saa kumi alfajiri, baada ya usiku mzima wa kujigeuza kitandani, na ninaomba usinihesabu miongoni mwa vijana wanaotaka kubebwa. Ni wiki ya tano sasa tangu nimwandikie mhandisi mmoja barua pepe ya kumwomba awe mlezi wangu wa kitaaluma, na hajanijibu. Hata neno "nimepokea" hakuniandikia.

Hali yetu wahandisi wahitimu unaijua. Kabla ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi kutusajili kuwa wahandisi wataalamu, tunapitia mafunzo ya vitendo ya miaka mitatu chini ya msimamizi aliyesajiliwa, na mimi niko mwaka wa pili. Msimamizi wangu ni mtu mwema na ananisainia daftari la kazi kila ninapompelekea, ila yeye ni mtu wa barabara na mimi napangiwa majengo, ndiyo maana nikamtafuta mwingine.

Barua ile niliiandika kwa siku tatu na kwa heshima zote. Nilieleza nilikozaliwa, matokeo yangu ya kidato cha sita, na jinsi mama alivyouza dagaa ili nilipiwe ada. Niliambatanisha wasifu, vyeti vitatu na ripoti ya mradi wangu wa mwisho yenye kurasa 84, kisha nikamalizia kwa kumwomba aniongoze katika maisha yangu yote ya kazi. Nilikotoka mimi, mtu haendi kwa mkubwa akaanza na shida yake kabla ya kujitambulisha. Kosa liko wapi hapo?

Kinachoniuma ni kwamba mwenzangu, aliye mwaka wa kwanza tu, alimwandikia mhandisi huyo huyo mistari minane na akajibiwa kesho yake. Juzi alinionyesha jibu kwenye simu yake, lina namba ya simu na saa ya kupiga. Aliniambia, "Wewe umemwomba miaka, naye hakujui, mimi nilimwomba dakika 15. Barua yako ameifungua kwenye simu akiwa saiti, akasema ataisoma usiku, na usiku ana ya kwake." Nilimjibu vibaya, lakini maneno yale hayajanitoka.

Usiku huu nimeandika nyingine, nayo ni hii:

"Mada: Swali moja kuhusu msingi kwenye udongo wa mbuga

Shikamoo Mhandisi. Mimi ni mhandisi mhitimu, mwaka wa pili, nafanya kazi za majengo Shinyanga. Tangu nilipokusikia ukieleza jinsi udongo wa mbuga unavyopasua nyumba, nimekuwa nikipima nyufa za nyumba moja huku. Zinaanzia kwenye pembe za madirisha na kushuka kimshazari. Kiangazi zinapanuka, mvua zikinyesha zinajifunga kidogo. Kabla ya kupendekeza marekebisho ya msingi, wewe ungepima nini kwanza? Ningeshukuru kwa dakika 15 za simu Jumanne au Alhamisi baada ya saa kumi jioni, au kwa mistari miwili hapa hapa. Ukiwa umebanwa na majukumu, nitaelewa."

Nimeambatanisha picha moja tu, ya ufa uliolazwa rula pembeni ili upana wake usomeke bila maelezo. Ile ya kwanza ilikuwa na maneno zaidi ya 900, na hii haifiki hata 100. Ninaona kwamba anaweza kuijibu akiwa amesimama, na akikataa hatakuwa amemkataa mtu, amekataa simu moja tu. Hayo nayaona. Ila nilipofuta sentensi ya mama, Shangazi, nililia.

Wakati mwingine najiambia kwamba simtaki tena, kwa kuwa mtu aliyeshindwa kuandika neno moja kwa wiki tano hawezi kunilea. Halafu najikuta nimefungua simu kutazama kama amejibu. Neno "mlezi" nimeliondoa kwenye barua mpya, na bado ndilo ninalolitaka, kwa hiyo najiuliza kama kumwomba dakika 15 huku moyoni nikitaka miaka si kumdanganya mtu mzima. Mwenzangu anasema ulezi hauombwi siku ya kwanza, unampigia, unafanya alichokwambia, unamrudishia majibu ya vipimo, na akikuuliza "imekuwaje?" basi ameshaanza kukulea. Sijui kama ni kweli kwa watu wote au ni kwa wenye bahati kama yeye.

Hata la kujibia chini ya barua ya kwanza au kuanza upya sijaliamua. Nikijibia pale pale, ataiona ile ndefu na kunikumbuka vibaya. Nikianza upya bila kuitaja, itakuwa kama ninaificha, na sikuiandika kwa aibu.

Ninakuomba uniambie, Shangazi: niitume hii, au kule kutojibiwa ndilo jibu lenyewe?

Mimi mwanao,
Mhandisi mhitimu, Shinyanga