Jipu la kando ya njia ya haja kubwa si bawasiri

Mteja mmoja alitulalamikia kwamba alikuja na bawasiri, sisi tukampasua na kumtoza fedha za upasuaji, ilhali jirani yake alipona kwa dawa ya kupaka. Malalamiko ya namna hii tumeyasikia mara nyingi mno, na kwa kuwa yanagusa uaminifu wetu, inafaa tuyajibu.

Mteja huyo, dereva wa bodaboda, alifika siku ya sita akiwa amekalia tako moja. Alikuwa amemaliza tyubu ya dawa ya bawasiri na vidonge vya antibayotiki alivyonunua dukani. Maumivu yalipoa kidogo, kisha yakarudi kwa nguvu. Kando ya njia ya haja kubwa palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa limau, mwekundu, wenye joto, na alikuwa na homa.

Bawasiri ya ndani kwa kawaida hutoa damu bila maumivu. Ya nje, damu ikiganda ndani yake, huuma ghafla na kufanya kinundu cha zambarau, lakini makali yake huanza kupungua baada ya siku mbili tatu. Jipu halina nafuu hiyo: hupwita usiku na mchana, hata usipokwenda chooni, na kila kukicha huzidi. Lililo ndani zaidi huenda lisionyeshe uvimbe wowote nje, ila maumivu na homa tu, ndiyo maana hatumshauri mtu asubiri liive.

Jipu hili aghalabu huanzia kwenye vitezi vidogo vilivyo ndani ya njia hiyo, ambavyo vikiziba hukusanya usaha. Dawa ya kumeza husafiri kwa damu, na katikati ya usaha damu haipiti. Kwa hiyo usaha lazima utolewe. Antibayotiki tunaiongeza kwa mwenye kisukari, mwenye kinga dhaifu, au pale wekundu unapoenea.

Gharama inatokana na kazi yenyewe. Nyama iliyovimba haishiki ganzi vizuri, hivyo jipu kubwa au la ndani tunalipeleka hospitali yenye chumba cha upasuaji. Lake lilikuwa karibu na ngozi. Tulipasua, tukavunja kuta za ndani kwa kidole, tukaosha, kisha tukakata kipande kidogo cha ngozi ili mdomo usizibe kabla ya chini kujaa nyama. Hatukushona, na hilo pia lilimkera, lakini kidonda hiki kikishonwa usaha hurudi. Alirudi nyumbani siku hiyohiyo, akawa anakalia maji ya uvuguvugu kila atokapo chooni.

Takriban theluthi moja ya wagonjwa, pengine zaidi, hubaki na fistula, yaani kijinjia kinachounganisha kile kitezi na ngozi, hata kazi ikifanywa vizuri. Majimaji yakiendelea kutoka baada ya wiki nane, rudi tukuangalie. Kwa uchunguzi huo hatutozi.