Kinu cha Oklo hakikujengwa na mtu

Mhariri,

Makala yenu kuhusu mgodi wa Oklo, kule Gabon, imezua mjadala mkali katika chumba cha walimu hapa shuleni kwetu. Mwandishi alieleza vizuri kwamba miaka bilioni mbili iliyopita urani ya pale iliwaka yenyewe kama kinu cha nyuklia. Mwishoni, hata hivyo, aliacha mlango wazi kwa wale wanaodai kuwa ni kazi ya ustaarabu uliopotea, kisha akauliza kama mashapo ya urani ya Namtumbo nayo yanaweza "kujiwasha". Maswali yote mawili yana majibu, na majibu yenyewe yanatoka kwenye hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha sita anaiweza.

Nianze na namna jambo lenyewe lilivyogundulika. Mwaka 1972, kwenye kiwanda cha kurutubisha urani cha Pierrelatte, Ufaransa, wapimaji waliona kasoro ndogo sana. Urani ya asili ina isotopu mbili kubwa, yaani aina mbili za atomi zake zinazotofautiana kwa uzito: urani-238, ambayo ndiyo karibu yote, na urani-235, ile inayopasuka kirahisi inapogongwa na nyutroni. Popote uchimbapo, urani-235 ni asilimia 0.720. Sampuli ile ilikuwa na 0.717. Kwa mtu wa kawaida si kitu, lakini katika kazi hiyo kila gramu ya urani-235 huhesabiwa kwa sababu ndiyo inayotengenezewa mabomu. Kwanza walidhani urani yao imechanganyika na mabaki ya kiwandani. Walipofuatilia mzigo hatua kwa hatua hadi Gabon, walikuta upungufu umo ndani ya mwamba wenyewe, na vipande vingine vilikuwa na asilimia 0.44 tu. Septemba mwaka huohuo, mwanafizikia Francis Perrin akautangazia ulimwengu.

Walijuaje kwamba urani-235 iliyokosekana ilipasuka, wala haikupotea kwa njia nyingine? Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa madini adimu yaitwayo neodimiamu. Neodimiamu ya kawaida, ya popote duniani, ina isotopu ya 142 kwa takriban asilimia 27. Urani inapopasuka pia huzaa neodimiamu, ila ya 142 haizaliwi humo, kwa sababu mlolongo wa kuoza wenye uzito huo huishia kwenye seriamu-142, ambayo haigeuki tena. Kwa hiyo neodimiamu iliyotoka ndani ya kinu hutambulika kwa kukosa 142. Katika mwamba wa Oklo isotopu hiyo ilikuwa chini ya asilimia 6. Ukiitoa hiyo kidogo pamoja na sehemu yake ya neodimiamu ya kawaida, kisha ukarekebisha kwa nyutroni zilizomezwa baadaye, mchanganyiko unaobaki unalingana na majivu ya urani-235 iliyopasuka.

Sasa hesabu. Urani-235 huoza ikabaki nusu kila baada ya miaka milioni 704. Urani-238 ni mvivu zaidi: huchukua takriban miaka bilioni 4.47 kufika nusu. Rudi nyuma miaka bilioni mbili. Kwa urani-235 hizo ni nusu karibu 2.84, maana yake wakati huo ilikuwapo mara saba na kitu ya iliyopo leo. Urani-238 ilikuwa mara 1.36 tu. Gawanya, na uwiano kati ya hizo mbili unapanda zaidi ya mara tano. Asilimia 0.72 ya leo inakuwa karibu 3.7. Vinu vya kisasa vinavyotumia maji ya kawaida huwekewa urani iliyorutubishwa hadi asilimia 3 mpaka 5. Kazi ambayo Pierrelatte walikuwa wakiifanya kwa mitambo na umeme mwingi, zama zile ilikuwa tayari imefanyika. Mkemia Paul Kuroda aliipiga hesabu ya namna hii mwaka 1956, miaka 16 kabla Oklo haijajulikana, akasema jambo hilo linawezekana.

Mtu atauliza: mbona basi haikutokea mapema zaidi, urani-235 ilipokuwa nyingi kuliko hapo? Jibu liko hewani. Urani husafiri na maji pale tu maji yanapokuwa na oksijeni ya kuiyeyusha, na oksijeni ilianza kujikusanya katika angahewa kama miaka bilioni 2.4 iliyopita, kwa kazi ya vijidudu. Katika bonde la Franceville maji yenye urani iliyoyeyuka yalipita kwenye mwamba wa mchanga, yakakutana na mabaki ya viumbe yaliyogeuka kuwa lami, urani ikaganda hapo. Ikarundikana kwa wingi, katika matabaka manene ya kutosha, na bila vitu kama boroni ambavyo humeza nyutroni. Sehemu zaidi ya kumi na mbili ziliwaka.

Maji ndiyo yaliyokuwa msimamizi. Nyutroni ikitoka kwenye mpasuko ina kasi mno, na maji huipunguza kasi mpaka iweze kuipasua urani-235 nyingine. Mwamba ulipopata joto maji yaligeuka mvuke yakatoka, nyutroni zikakosa wa kuzituliza, na moto ukazimika wenyewe. Ukapoa, maji yakarudi, ukawaka tena. Mwaka 2004 watafiti walipima gesi ya zenoni iliyonaswa ndani ya chembe za fosfeti ya alumini, wakaona mpangilio wa isotopu zake unaelezeka tu kama kinu kiliwaka kwa takriban nusu saa na kupumzika kama saa mbili na nusu, tena na tena. Nguvu yake kwa wastani haikufika kilowati 100. Wakati huo duniani palikuwa na vijidudu tu. Huo ustaarabu ungekuwa wa nani?

Kuhusu kujiwasha leo, tusiende mbali. Shinkolobwe, kule Katanga, ilikuwa na urani tajiri mno, mawe mengine yakiwa zaidi ya nusu urani. Haikuwaka. Mashapo yake yana umri wa miaka milioni 600 na ushei, na ukiipiga hesabu ileile, wakati huo urani-235 ilikuwa karibu asilimia 1.2. Haikutosha kwa maji ya kawaida, hata kwenye mwamba tajiri kiasi hicho. Namtumbo ina urani ya leo, ya asilimia 0.72, imetawanyika kwa kiasi kidogo ndani ya mwamba wa mchanga. Wakazi wa kule wana mambo ya kweli ya kuwauliza wachimbaji, kama vumbi, gesi ya radoni na maji ya mabwawa ya mabaki. Mlipuko wa mwamba haumo.

Ombi langu la mwisho ni dogo. Kisanduku cha pembeni cha makala kiliandika kwamba urani-235 ya asili ni "asilimia 7.2". Nukta imeruka. Tafadhali sahihisheni, maana wanafunzi wangu wameshainakili, na kwa kiwango hicho Shinkolobwe ingekuwa imewaka zamani.

Mwalimu wa fizikia,
Songea